Gesi au mkaa? Nimepima miezi miwili hapa Uyole, maharage na maji ya kuoga ndiyo yanaamua

Wifi yangu anakaa Iringa, Kihesa, na kila tukipigiana simu lazima tuishie kwenye gesi. Alinunua mtungi wa kilo 6, ukamuishia siku ya kumi na moja, akausukumia uvunguni na mpaka leo uko huko unakula vumbi. "Wifi, gesi ni ya watu wa Dar wanaokula chipsi," huwa ananiambia, "sisi wa maharage na kande tutafilisika." Na mimi huku Mbeya nina majirani wanaoapa kwamba mtungi huohuo wa kilo 6 kwao unakaa mwezi. Sasa nani mwongo?

Haya mabishano yamechangamka zaidi tangu mwaka 2024 ulipozinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ule unaotaka mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mitungi ya ruzuku ikaanza kuletwa, kwenye daladala watu wanabishana, saluni wanabishana, kila mtu ana hesabu zake na hakuna hesabu mbili zinazofanana. Nikaamua nipime mwenyewe. Sisi tuko watano, mimi na mzee na watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita. Juni nzima nikapika kwa mkaa tu, Julai nzima gesi tu, nikanunua mzani wa kuning'iniza, ule mdogo wa betri wa kupimia mizigo, na daftari nikalibandika nyuma ya mlango wa jiko. Mzee alicheka sana ile wiki ya kwanza.

Kabla ya hesabu tuelewane kwanza tunaongelea gesi gani, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Utasikia mtu anasema gesi si inatoka Mtwara, mbona tunauziwa bei hivi? Gesi ya Mtwara na ya Songo Songo ni nyingine, ile ni gesi asilia, inasafiri kwenye bomba na sehemu kubwa inaenda kuzalisha umeme na viwandani. Hii ya mtungi, ndiyo maana ukiangalia imeandikwa LPG, ni mchanganyiko wa gesi mbili zinaitwa propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje, inashushwa bandarini, halafu inapanda malori mpaka huku kwetu. Ndani ya mtungi inakaa kama maji maji kwa sababu imegandamizwa, ukiutikisa mtungi unasikia kabisa inacheza, ukifungua koki yale maji maji yanageuka hewa na hiyo hewa ndiyo inawaka. Hilo la maji kugeuka hewa likumbuke, tutalirudia tukifika kwenye baridi.

Kitu cha pili ni kipimo. Mkaa tunaununua kwa gunia, debe au kopo, gesi tunainunua kwa kilo, halafu tunataka kulinganisha. Ni kama ulinganishe kitenge na nyanya. Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyofanya ni kuugeuza mkaa uwe kilo. Debe ninalouziwa mtaani lilikuwa linacheza kwenye kilo tano mpaka sita, nikachukua tano na nusu. Bei elfu sita. Maana yake kilo moja ya mkaa mimi nalipa kama 1,090. Gunia lilikuwa 42,000, nililipima kwa mafungu likatoa kilo 45, hapo kilo inashuka mpaka kama 930. Lakini lile kopo la buku, ambalo ndilo watu wengi tunanunua jioni ukitoka kazini huna hela ya debe, lilikuwa na gramu 700 tu, yaani kilo moja unalipa zaidi ya 1,400. Mkaa uleule, muuzaji yuleyule. Hizi ni bei za mtaani kwangu kwa miezi hiyo, wewe weka za kwako, njia ya kupiga hesabu haibadiliki.

Gesi ya kilo 6 nilijaza kwa 25,000, kwa hiyo kilo moja ni kama 4,170. Na hapa ndipo mtu anaruka, anasema unaona sasa, kilo ya gesi elfu nne, kilo ya mkaa elfu moja, kesi imeisha. Haijaisha. Kilo moja ya gesi ina joto kama mara moja na nusu ya kilo ya mkaa, hilo dogo, jambo kubwa ni joto linaloingia kwenye sufuria. Jiko letu la mkaa la bati ni kama ndoo iliyotoboka, unachota maji kisimani ukifika nyumbani yamebaki robo. Ukiweka mkaa wa shilingi 500 kwenye jiko la bati, wa shilingi 100 hivi ndio unapika chakula, ule wa 400 unapasha bati lenyewe, unapasha miguu yako, unapasha jikoni na mwingine unaondoka na upepo. Jiko la gesi nalo linavuja ila nusu ya joto au zaidi kidogo inafika kwenye chakula. Ukichanganya hayo mawili inatoka kwamba kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne na kidogo za mkaa wa jiko la bati. Kwa hiyo chukua bei ya kilo ya gesi, gawa kwa nne na kidogo, kwangu inakuja kama 960. Mkaa ukinunua juu ya hapo gesi ni nafuu, ukinunua chini ya hapo mkaa ni nafuu. Umeona sasa? Anayenunua gunia kwa 930 na anayenunua kopo kwa 1,400 wakikutana kwenye daladala wakabishana kuhusu gesi, wote wawili wanasema kweli.

Haya, Juni. Debe 11, elfu sita kila moja, jumla 66,000, kilo kama 60. Kilo zaidi ya nne kati ya hizo zilikuwa chenga, ule unga wa chini ambao ukiuweka jikoni unaziba hewa na moto unakufa. Mkaa nao unatofautiana bwana. Ule wa miti migumu unaoshuka kutoka Chunya ni mzito, ukigonganisha vipande viwili vinalia kama vigae, unakaa jikoni. Wa misindano ni mwepesi, debe limejaa lakini ukilinyanyua unashangaa, na sufuria moja ya ugali imeumaliza. Wa miwati unaotoka upande wa Njombe ni mzuri tu. Muuzaji hatakuambia ni wa mti gani ila mzani unasema, debe moja nililetewa likawa na kilo nne na robo nikalirudisha, yule kijana alinuna lakini akanibadilishia. Na ukiona mkaa unatatarika na kurusha cheche ukiuwasha, jua kwamba umelowa, hapo sehemu ya hela yako umelipia maji.

Julai nikahamia gesi. Mtungi wa kwanza nilipika vilevile nilivyozoea kupika kwa mkaa, sikubadilisha kitu, maksudi. Ukaisha siku ya 13. Nikampigia wifi nikamwambia umenishinda, akacheka mpaka simu ikakatika. Maana ukipiga hesabu mtungi wa siku 13, mwezi unataka karibu kilo 14, ni kama 57,700, tofauti na mkaa wa debe ni elfu nane tu, na mkaa wa gunia nyumba hii ingetumia kama 56,000, yaani mkaa umeshinda kidogo.

Lakini mimi nilikuwa nimepima kila chakula. Mtungi unaupima kabla ya kupika, unaupima baada ya kupika, tofauti ndiyo gesi iliyokwenda. Nikakaa na daftari. Chai ya asubuhi, lita mbili za maji, gramu 30 hivi, yaani shilingi 125. Chai hiyohiyo kwa mkaa huwezi kuwasha chini ya gramu 350, ni shilingi 380, na umekaa robo saa unapepea kabla sufuria haijapanda, na chai ikishaiva moto ndio kwanza umekolea unaungulia bure. Ugali wa jioni gramu 60. Mboga ya majani hata gramu 40 haifiki. Vyote hivi gesi inaua mkaa vibaya sana, kwa sababu kwenye vitu vya haraka mkaa unakutia hasara mbili, ya kuwasha na ya kubaki. Kisha nikafika kwenye mstari wa maharage: gramu 320. Sufuria moja. Shilingi 1,330 ya gesi kwa maharage ya siku moja, na sisi tunakula maharage mara nne kwa wiki. Yaani maharage peke yake yalikuwa yanakula karibu asilimia 40 ya mtungi.

Hapo nikaanza kuelewa kwa nini mtu wa Dar na mtu wa Mbeya hawawezi kukubaliana. Sisi tuko juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kadri unavyopanda hewa inapungua uzito, maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100, hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Iringa karibu 95, Njombe 93. Utasema nyuzi sita ni nini, lakini harage linaivishwa na joto la maji, na maji yakishachemka hayaongezeki joto tena hata ufanyeje. Harage la mlimani linaogea maji ya vuguvugu kuliko la pwani, ndiyo maana linakaa saa mbili na nusu au tatu. Sio uchawi na sio kwamba maharage ya huku ni magumu, ingawa yale ya msimu uliopita kweli huwa magumu zaidi, hilo lipo.

Sasa kosa tunalofanya wote, na mimi nimelifanya miaka, ni kuona maharage hayaivi tunaongeza moto. Sufuria inatokota mpaka mfuniko unaruka tunaona ndiyo kazi inaenda. Maji yanayochemka kwa fujo na maji yanayochemka taratibu, yale ya kutoa vipovu vichache pembeni, yana joto lilelile, nyuzi 94. Moto wote wa ziada unageuka mvuke, unatoka dirishani, halafu unaongeza maji ya baridi unaanza upya. Kwenye mkaa huwezi kupunguza moto kirahisi kwa hiyo umeshazoea hivyo. Kwenye gesi kuna kitufe.

Mtungi wa pili nikabadilisha vitu vitatu tu, na vyote ni vya maharage. Nikayaloweka usiku, kwa muda wa saa nane au zaidi, asubuhi namwaga yale maji naweka mapya. Nikaweka mfuniko unaokaa vizuri. Na yakishachemka nikawa nashusha moto mpaka ule wa chini kabisa, ule ambao unainama kuangalia kama bado unawaka. Yakaiva kwa saa moja na nusu, mzani ukaonyesha gramu 150. Sikuamini, nikarudia siku ya pili yake kwa maharage mengine, 155. Kutoka 320 mpaka 150, mara nne kwa wiki, ni karibu kilo tatu za gesi kwa mwezi zimebaki mtungini. Mtungi wa pili ukakaa siku 16 ukaisha katikati ya kupika wali siku ya 17, jambo ambalo sitalisahau kwa sababu wageni walikuwepo. Kwa mwendo huo mwezi unakuwa kama kilo 10 na gramu 800, shilingi 45,000. Ukijaza mtungi wa kilo 15, ambao kwangu ni 58,000, inashuka mpaka kama 42,000 kwa sababu kilo moja ya mtungi mkubwa ni nafuu kidogo.

Mwenye sufuria ya presha atapunguza zaidi, maana ile inabana mvuke na joto la maji ndani linapanda kupita nyuzi 100, inakuwa kama vile umeshuka na sufuria yako chini ya usawa wa Dar. Mimi sina, nimeazima mara moja kwa jirani, maharage yaliyolowekwa yaliiva dakika 25, ila lilivyokuwa linapiga mluzi mtoto wa mwisho alitoka nje akagoma kurudi.

Wifi nilipomweleza haya akaja na hoja ambayo sikuwa na jibu lake papo hapo. "Sawa, na maji ya kuoga je? Mimi mkaa ukibaki baada ya ugali nabandika ndoo." Na yuko sahihi kabisa. Moto unaobaki ambao nilikuwa naupigia kelele kwamba unaungua bure, huku kwetu mara nyingi hauungui bure, unapasha maji. Juni asubuhi hapa Uyole maji ya bomba ukiyagusa vidole vinauma. Nikarudi kwenye daftari, ndoo ya lita 10 mpaka ifikie joto la kuogea ni gramu 55 mpaka 60 za gesi, kama shilingi 240. Kwenye hesabu yangu ya Julai kulikuwa na ndoo moja tu kwa siku, ya watoto wote watatu kabla ya shule, sisi wakubwa tunaoga alasiri maji yaliyoanikwa juani kwenye ndoo nyeusi. Ndoo moja kwa mwezi ni 7,000 na kitu, inabebeka. Lakini nyumba ambayo kila mtu lazima apate ndoo yake ya moto, watu watano, unaongelea zaidi ya 35,000 kwa mwezi kwenye maji ya kuoga tu, na hapo gesi haina ubavu. Mtu wa hivyo akikuambia gesi ilimuishia siku ya tisa usimwambie kaibiwa. Mwulize anaogaje.

Halafu kuna jiko. Mpaka hapa nimekuwa nalinganisha gesi na jiko la bati tupu, nikaona simtendei haki mkaa. Agosti nikanunua jiko lenye udongo ndani, yale ya mafundi wanayopaki barabarani, elfu 15, nikapika nalo siku kumi. Udongo unazuia joto lisitokee pembeni kwa hiyo linalofika kwenye sufuria linaongezeka. Siku kumi zikala kilo 13 na kidogo, kwa mwezi ni kama kilo 40 badala ya 60. Kwa bei ya debe ni 43,600. Yaani imelingana na gesi yangu ya kuloweka maharage, elfu moja na mia nne ya tofauti hiyo si tofauti. Kwa bei ya gunia ni 37,000, mkaa umeshinda gesi ya mtungi wowote. Na kwa bei ya kopo ni 57,000, umeshindwa. Mwenye kulipa pabaya kuliko wote ni yule wa jiko la bati na kopo la buku kila jioni, huyo kwa kilo zangu 60 angelipa 85,000, na ndiye huyohuyo anayesema gesi ni ya matajiri, kwa sababu buku anayo leo na 25,000 ya mkupuo hana. Hapo simlaumu, hata mimi kuna wiki nilishindwa. Kinachosaidia ni ile buku, kila jioni ukipika kwa gesi, kuitupia kwenye kopo la pembeni kama vile umenunua mkaa. Siku 16 zinakuwa na 16,000, hutoboi yote lakini umevuka nusu.

Sasa baridi. Niliahidi tutarudi. Kuna malalamiko huku nyanda za juu ambayo Dar huyasikii sana: mtungi haujaisha, ukiutikisa unasikia bado kuna kitu, lakini asubuhi moto unakuwa mdogo kama wa kibatari. Watu wanasema wameuziwa gesi iliyochanganywa na maji. Kinachotokea ni kwamba yale maji maji ya ndani yanahitaji joto ili yageuke hewa, na joto hilo yanalichukua kwenye bati la mtungi na hewa ya chumbani. Propani inageuka kirahisi hata kwenye baridi kali kwa hiyo inatangulia kutoka kwa wingi, mwishoni mwa mtungi inabaki butani nyingi, na butani ikikaribia nyuzi sifuri inagoma kabisa kugeuka hewa. Asubuhi ya Julai jikoni kwangu ni nyuzi saba au nane, mtungi una nusu kilo imebaki, lazima moto ulegee. Ukisubiri mpaka saa nne jua likishaingia unapika vizuri tu na hiyo iliyobaki. Mimi siku hizi asubuhi naweka mtungi mpya kwa chai, ule wa mwisho mwisho namalizia mchana. Usifanye hivi viwili: kuuweka mtungi kwenye maji ya moto au karibu na jiko la mkaa, na kuulaza au kuugeuza kichwa chini ili "gesi ishuke". Ukiulaza, kinachotoka sio hewa tena ni yale maji maji yenyewe, yanafika kwenye kichomeo yanalipuka moto mrefu wa njano usoni kwako. Nimeona nyusi za mtu zilizoondoka hivyo.

Na kama kweli unadhani umepunjwa, usibishane, pima. Kwenye shingo ya mtungi au kwenye ule mshikio kuna namba imechapwa au imeandikwa karibu na herufi TW, huo ni uzito wa mtungi mtupu. Wa kwangu ni 6.9. Ongeza 6, mtungi uliojaa lazima usome 12.9. Nenda na mzani dukani, pima palepale kabla hujalipa, hakuna muuzaji mwenye akili atakukatalia. Mara moja nilikuta mtungi una pungufu ya gramu 400, muuzaji alinipa mwingine bila neno. Kama uzito uko sawa na bado inaisha haraka, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na pale kichomeo kinapokaa, ukiona povu linavimba hapo ndipo inapotokea. Mara nyingi ni ile pete ndogo ya mpira ya kwenye koki imechakaa. Ile harufu ya yai viza imewekwa makusudi ili uinuse, gesi yenyewe haina harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inalala chini sakafuni, kwa hiyo ukiinusa fungua mlango na usiwashe hata taa.

Watu wanaogopa gesi kulipuka na wana haki, lakini mkaa wanauamini kupita kiasi. Huku kwetu kuna tabia ya Juni na Julai ya kuingiza jiko chumbani usiku ili kupasha nyumba, mnafunga dirisha mnalala. Mkaa ukiwaka sehemu isiyo na hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi, kichwa kinauma kidogo, unasikia usingizi mzito, huamki tena. Mkaa uliokolea mwekundu usio na moshi ndio watu wanauona salama, kumbe unaitoa vilevile. Ila joto la jiko ndilo jambo moja ambalo sikuliweka kwenye hesabu za shilingi: Juni jikoni kulikuwa na joto zuri watoto wanafanyia homuwaki pale, Julai jikoni kulikuwa friji. Mzee aliniambia siku moja, "Mama, hiyo gesi yako haina urafiki." Kweli haina. Tukaongeza masweta.

Kwa sasa nyumbani kuna vyote viwili. Gesi inapika chai, mboga, wali, ugali na maharage yaliyolowekwa. Lile jiko la udongo linawaka Jumamosi, na hapo nalitumia mpaka tone la mwisho: kande inakaa, ikishuka inapanda ndoo ya maji, ndoo ikishuka tunachoma mahindi, na watoto wanaota moto wakiwa nje barazani. Debe moja linanikaa wiki tatu.

Wifi wiki iliyopita amenipigia usiku, hata salamu hakutoa vizuri. "Wifi, nimeuvuta ule mtungi uvunguni. Umeandikwa TW 7.1, nimepima umesoma 8.4." Nikamwambia basi ulikuwa hujaisha, ilikuwa baridi tu, una kilo moja na gramu 300 humo ndani. Kimya kidogo, halafu nikasikia anamwita binti yake alete maharage ayaloweke.